Kufungua mzinga mbele ya watu bila fujo: maswali munatuuliza kila mara, na maneno ya kusema kabla ya kila hatua

Hii ni kwa ndugu na dada wanaofuga nyuki huku Bukavu na pembeni, Kabare, Walungu, Kalehe, wenye wanaitwa kuonyesha kikundi namna ya kukagua mzinga. Nasema juu ya mzinga ule wa vijiti vya juu, wenye wengi tunaita mzinga wa Kenya, juu ndio mingi wako nayo. Maneno yaliyo kati ya alama za kunukuu unaweza kuyachukua vile yalivyo na kuyasema kwa sauti yako.

Kwa nini onyo liseme kabla, si wakati mkono uko unafanya?

Juu mzinga ukishafunguka watu hawasikie tena. Nyuki wananguruma, moyo wa mtu unapiga, kofia ya wavu inamfunika masikio, hapo ukisema "usipige nyuki" yeye ameshapiga. Njo maana mimi nasema onyo, nanyamaza, naangalia kila mtu amefanya nilichosema, kisha njo mkono unagusa. Kama mmoja hajafunga zipu sigusi, hata jua likizama.

Iko sababu ingine watu wengi hawajui. Pumzi ya mtu inawakasirisha nyuki, ile hewa tunatoa ndani wanaijua kama ya mnyama aliyekuja kuiba. Kwa hiyo ukiinama juu ya masega wazi unaanza kueleza, uko unawapulizia usoni. Eleza ukiwa umesimama wima, kichwa umegeuza pembeni, na mzinga bado umefungwa. Ukiwa na sega mkononi sema maneno machache tu, mengine utaeleza mukishatoka.

Saa ngapi, na watu wakae wapi?

Nyuki zetu za Afrika ni wakali kuliko zile za Ulaya, na zikikasirika zinafuata mbali. Ukiwachokoza saa ya asubuhi uko na siku nzima ya matatizo, watoto wa shule wanapita, mama anatoka shamba na mzigo kichwani. Mimi naanza saa kumi na nusu ya mangaribi, juu huku kwetu karibu saa kumi na mbili jua linazama, na giza likiingia nyuki wanarudi ndani wanatulia usiku wote. Siku ya mvua ao upepo mkali naahirisha, hata kama kikundi kimetoka mbali na kimelipa motari.

Karibu na mzinga wanakuja watu wanne ao watano tu, wote wamevaa. Wenye hawana nguo wanabaki mbali, mimi nahesabu hatua 100, na karibu nao kuwe na nyumba ya kuingia na kufunga mlango. Hapana mtu wa kusimama mbele ya mlango wa nyuki, tunakaa nyuma na pembeni. Halafu mbuzi. Naomba sana muangalie mbuzi, ng'ombe na mbwa waliofungwa kamba, juu mtu atakimbia lakini mbuzi wa kamba atafia pale pale. Mutume mtoto awahamishe mapema kabla hata moto haujawashwa.

"Ba mama na ba papa, mbele ya kuanza: mulango wa nyuki uko upande ule, hapana mtu kupita pale. Njia ya kutokea ni hii, nyumba ya kuingilia ni ile ya mabati. Nikisema tutoke, tunatoka kwa miguu, polepole, mmoja nyuma ya mwengine. Kama nyuki wameshakuwa mingi juu yako, hapo unakimbia, unafunika uso na mikono, na hauendi kwenye watu wengine wenye hawajavaa."

Kwa wenye wako karibu na ziwa naongeza moja: usiruke ndani ya maji. Nyuki watakungoja hapo juu na wewe utatoa kichwa kupumua, na mtu asiyejua kuogelea atakufa na maji badala ya nyuki.

Na watu wenye mwili wao haukubali nyuki?

Hili ni swali la kuuliza kabla hata ya kutoa nguo ndani ya mfuko. Usiulize "nani ako na alerji?", wengi watanyamaza juu hawajui neno hilo ao wako na haya. Uliza vile:

"Kuko mtu aliyeumwa na nyuki siku moja akavimba mbali na pale alipoumwa, midomo ao macho, akashindwa kupumua, akatapika ao akazimia? Huyo leo ataangalia kutoka kwa nyumba, na si aibu."

Kuvimba mkono pale pale ulipoumwa, hata kama umevimba sana, ni kawaida kwa wengi. Hatari ni mwili mzima: mapele yanatoka kila mahali, ulimi unakuwa mzito, pumzi inapiga filimbi, kizunguzungu, tumbo kuuma na kutapika. Hiyo inaweza kuja ndani ya dakika chache. Dawa yake ni adrenalini ya sindano, vidonge vya mapele peke yake havitoshi. Kwa hiyo siku moja kabla mimi napita kwa kituo cha afya kilicho karibu, nauliza kama wako na adrenalini na nani atakuwa zamu mangaribi ile, na naweka namba ya motari mwenye najua atajibu simu. Kama kituo hakina, nachagua mzinga mwengine ulio karibu na mahali iko.

Nguo gani, na unasema nini?

Rangi nyeupe ao ya kung'aa kidogo, hapana nyeusi, hapana pulova ya manyoya juu nyuki wananasa ndani na kunguruma. Hapana marashi. Suruali inafunika boti kwa juu na tunafunga na kamba ya mpira, juu nyuki anapenda kupanda, akiingia kwa chini atapanda mpaka mahali unajua.

"Mwenzako akuangalie mgongoni, wewe umwangalie yeye. Zipu mpaka mwisho. Wavu usiguse pua wala masikio. Nyuki akiingia ndani ya kofia, usifungue hapa: funga macho, tembea mbali, mwenzako akusaidie."

Hiyo ya mwisho niseme mara mbili. Watu wengi wanaumwa usoni kwa sababu ya nyuki mmoja aliyeingia, wakavua kofia pale pale penye kuko elfu.

Moshi unafanya nini kweli, na hatari yake ni gani?

Moshi unafanya kazi mbili. Nyuki akisikia moshi anafikiri pori linaungua, anaingia kula asali ajiandae kuhama, na akishiba anapoteza haraka ya kuuma. Tena moshi unafunika harufu ya hatari. Nyuki akiuma, ao akipondwa, anatoa harufu inaofanana na ndizi mbivu, na wenzake wakisikia ile harufu wanajua wapi pa kuuma. Ukisikia ndizi mbivu karibu na mzinga na hakuna ndizi, simamisha kila kitu na utie moshi.

Ndani ya bomba la moshi natia magunzi makavu ya mahindi na mavi ya ng'ombe iliyokauka kabisa, juu yake majani mabichi kidogo ya kupoza. Hapana plastiki, hapana mpira wa matairi, hapana kitambaa chenye mafuta ya gari, hiyo inaua nyuki na inaharibu asali. Washa mapema, pampu mpaka moshi uwe mweupe na mzito, halafu puliza mkononi mwako bila ganti. Kama unakuchoma, utachoma nyuki mabawa, ongeza majani.

"Sasa natia moshi. Mbele ya moshi: nyasi kavu zimeondolewa hapa? Bidoni ya maji iko wapi, nionyeshe kwa mkono. Sawa. Nitapuliza mara tatu kwa mlango, kisha tunangoja. Mutasikia sauti inapanda, musiogope, musitembee, itashuka."

Na kweli ngoja. Dakika mbili kwa saa. Wengi wanapuliza na kufungua mara moja, wakati moshi haujafanya kazi bado, halafu wanasema nyuki za huku ni wabaya. Lakini usizidishe pia, moshi mwingi unawafanya wakimbie juu ya masega ovyo na hautaona kitu, na asali itanuka. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, bomba halilali chini kwa nyasi, linawekwa juu ya jiwe ao linashikwa na mtu mmoja ambaye hiyo ndio kazi yake tu.

Nafungulia wapi?

Mzinga huu uko na uzuri mmoja: vijiti vya juu vimebanana vinakuwa kama dari, kwa hiyo hauwafungulie nyuki nyumba yote, unafungua ufa mmoja tu. Kijiti cha nyuki zetu kiko na upana wa milimita 32, na ufa wa kijiti kimoja ao viwili unatosha kazi yote.

Anza mwisho ulio mbali na mlango wao. Gonga vijiti kwa kidole, kile kinachotoa sauti tupu hakina sega. Hapo njo unafungulia.

"Natoa mfuniko. Musiinamie. Sasa nagonga, sikilizeni: hiki ni tupu, hiki ni tupu, hiki kimeziba. Nitatoa kile kitupu cha mwisho. Kabla ya kukitoa, kila mtu arudi nyuma hatua moja na mikono ibaki chini. Nyuki akikaa juu yako, mwache. Ukimpiga umewaita wengine."

Kisu kinaingia kati ya vijiti, unazungusha kidogo kukata gundi yao, ile gundi inalia "tak" na hiyo tak inatikisa mzinga wote, kwa hiyo fanya polepole sana mpaka usisikie kitu. Tia moshi mara moja ndani ya ufa, pembeni si moja kwa moja.

Namna gani ya kutoa sega bila kulivunja?

Hapa nitakaa kidogo juu ndipo nilipoharibu.

Sega la mzinga huu halina fremu wala waya. Limening'inia kwa kijiti peke yake, kama pazia. Nyuki mara ingine wanaligundisha pia kwa mbao za pembeni, kwa hiyo kabla ya kuinua unapitisha kisu kirefu pembeni, kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu kwenda chini unalivuta sega litoke kwa kijiti chake. Kisha unainua wima, wima kabisa, juu ya mzinga. Kuona upande wa pili usilipindue kama ukurasa wa daftari: ukililaza litakatika. Unasimamisha kijiti kimoja juu kama mti, unalizungusha, halafu unarudisha, na siku zote sega linaning'inia ama linasimama, halilale.

Ilikuwa Kabare, mwezi wa tatu, tulikuwa watu sita. Mzee mmoja wa kikundi akaniambia, "Mwana, onyesha huku nasi tuone mayai," na mimi juu ya kumheshimu nikalaza sega kumuelekea. Lilikuwa jipya, jeupe bado, na asali nzito upande wa juu. Likatoka lote. Likaanguka kwa ukingo wa mzinga, nusu ndani nusu kwa majani, na nyuki waliopondwa chini yake wakatoa ile harufu ya ndizi. Ndani ya muda wa kuhesabu mpaka kumi sauti ikabadilika, nyuki wakaanza kunigonga kwa wavu, tok tok tok, kama mvua ya mawe.

Kilichotuokoa ni kwamba njia ya kutokea ilikuwa imesemwa. Nikasema "tutoke" mara moja tu, wanne wakaenda, na mimi nikabaki na mwenye moshi. Tukatia moshi kwa sega lililoanguka, nikaliokota nikaliweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, nikafunika ufa na kijiti, mfuniko ukarudi, tukatoka. Sikujaribu kuokoa watoto wa nyuki wala kusafisha asali. Mzee aliumwa mara mbili kwa mkono, mimi sijui mara ngapi. Kesho yake mangaribi nikarudi peke yangu kuosha ukingo na maji, juu asali iliyomwagika inaleta siafu na nyuki wezi wa mizinga mingine.

Tangu siku ile naweka sentensi hii, na naisema hata kwa wazee:

"Sega halilale. Mwenye kutaka kuona atakuja kando yangu mmoja mmoja, mimi sitalileta kwake. Sega jeupe, jipya, sitaligusa hata kidogo. Simu za picha zinabaki nyuma, mpiga picha ni mmoja tu na nimemchagua."

Ni lazima nione malkia?

Hapana. Watu wanapenda kumuona, wanamtafuta dakika 30, nyuki wanachoka, na mwishowe wanampondea katikati ya vijiti viwili. Tafuta mayai. Yai linabaki yai siku 3 tu kabla ya kuanguliwa, kwa hiyo ukiona mayai, malkia alikuwa hapa ndani ya siku hizo 3, inatosha. Ni kama punje ndogo nyeupe ya mchele iliyosimama katikati ya shimo, moja kwa kila shimo. Simama jua likiwa nyuma ya bega lako, mwanga uingie ndani ya mashimo.

Ukiona mayai mawili matatu ndani ya shimo moja, mengine kwa ukuta wa shimo, hapo mara nyingi malkia hayupo tena na vibarua wameanza kutaga. Ukiona kitu kama karanga ndefu kinaning'inia, wanatengeneza malkia mpya, usikiguse, rudisha sega taratibu. Kutoka yai mpaka malkia kutoka ni siku 16, kwa hiyo andika tarehe na uwaache.

Ukishaona mayai, watoto weupe wa kung'aa na wale waliofunikwa na nta ya kahawia, funga. Hakuna haja ya kufika sega la mwisho. Mimi sivuki dakika 20, na sirudi wiki ile, juu nyuki zetu ukiwasumbua sana wanahama wote, unakuta mzinga mtupu.

Nitajuaje kama wameanza kukasirika?

Masikio kwanza. Sauti ya utulivu ni chini, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Ikipanda na kuwa kali, tia moshi na ngoja. Wakianza kugonga wavu mmoja mmoja, bado uko na muda, rudisha sega lililo mkononi. Wakigonga mingi kwa wakati moja, ao wakijaa kwa ganti mahali pamoja na kuuma, kazi ya leo imekwisha.

"Nyuki wanatuambia inatosha. Narudisha sega hili, nafunga. Wenye wako nyuma waanze kutoka sasa, bila kukimbia. Mwenye moshi abaki na mimi."

Kusema hivyo mbele ya kikundi inakuwa ngumu, najua, watu wametoka mbali na ulikuwa umeahidi kuwaonyesha asali. Funga tu.

Mtu ameumwa, nifanye nini?

Toa mwiba haraka. Kwa kucha, kwa kisu, kwa vidole, namna haijalishi sana, haraka njo muhimu, juu kale kamfuko ka sumu kanaendelea kusukuma hata nyuki akiwa ameenda. Kisha tia moshi pale pale kufunika harufu, ama sivyo wa pili na wa tatu watafuata hapo hapo. Mtu anatolewa mbali, anaosha na maji baridi na sabuni, na mwenzake anakaa naye saa moja akimwangalia uso na pumzi. Usimwache aende nyumbani peke yake.

Dalili zile za mwili mzima zikionekana, hakuna kungoja, hakuna maziwa, hakuna kitunguu. Motari, kituo cha afya. Akiwa na kizunguzungu mlaze miguu juu, akiwa anashindwa kupumua mwache akae. Mtu aliyeumwa na nyuki mingi sana, tuseme makumi na makumi, huyo apelekwe hata kama anasema yuko mzima, na mtoto ao mzee kwa idadi ndogo zaidi.

Kufunga kuna onyo gani?

Ndipo nyuki wanapondwa mingi, juu kila mtu amechoka na anataka kwenda. Vijiti vinarudi kwa mpangilio ule ule na upande ule ule, mimi natia alama ya makaa upande mmoja kabla ya kuanza. Moshi kidogo kwa ufa washuke, halafu unasogeza kijiti polepole, unasimama, unasogeza tena, ukiona nyuki kwa ukingo unamngoja ashuke.

"Nafunga. Bado hatujamaliza, hapana mtu kufungua kofia. Tutatembea mpaka kwa ule mti, tutasimama, mwenzako atakupangusa nyuki na majani mabichi. Nikisema sasa, njo tunavua."

Wale wa nyumbani pia wanabaki ndani mpaka giza. Bomba la moshi linamwagiwa maji, majivu yanakorogwa mpaka hakuna kinachofuka, na nguo zinafuliwa kabla ya kutumika tena, juu ile harufu ya kuumwa inabaki ndani ya kitambaa, na ganti iliyoumwa leo itaumwa kwanza siku ingine.

Maneno haya yanafaa kwa mzinga wa masanduku yenye fremu?

Mengi ndiyo, nguo, moshi, njia, mtu aliyeumwa. Lakini sanduku ukilifunua unafungua dari yote kwa mara moja, kwa hiyo uwe na kitambaa kilicholowa maji cha kufunika fremu zenye haukagui, na fremu ya kwanza unayotoa iwe ya pembeni kabisa, si ya katikati. Na pale penye nasema "sega halilale", fremu yenye waya inavumilia zaidi, lakini mimi nazungusha vile vile wima, mkono uzoee kitu kimoja.